Tangazo la Mwadi Lisilokuwa na Mshahara

Jenny aliacha kupiga chapa, akasogeza kiti nyuma.

"Mama Mwadi, hapa umeandika hakuna mushahara. Ni kosa ya kalamu ao ni weye njo unasema vile?"

"Njo vile ninasema."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Andika."

Jenny ana kibanda karibu na soko la Kikula. Ndani mna kompyuta moja, printa moja, na jenereta inayonguruma nje kila umeme unapokatika, yaani karibu kila siku. Barua zote za kuomba kazi mjini Likasi hupitia mikononi mwa watu kama yeye. Anajua maneno ya tangazo la kazi kama Mkristo anavyojua sala ya Bwana: kampuni kubwa inatafuta vijana wachangamfu, mshahara mzuri, nafasi ni chache, leta dosie yako ya vyeti na pesa ya kufungua dosie, hairudishwi. Karatasi aliyoletewa siku ile haikuwa na hata neno moja kati ya hayo. Aliipiga chapa neno kwa neno, huku akitikisa kichwa.

WANATAFUTWA WAUZAJI WA TAA ZA JUA.
Hakuna mshahara wa msingi. Hakuna pesa ya nauli wala ya chakula.
Ukiuza seti moja unapata komisyo ya dola sita, siku mteja anapomaliza kulipa, si kabla. Mteja akirudisha seti, hakuna komisyo.
Mwaka jana wauzaji kumi walianza. Watano waliacha kabla ya mwezi wa pili kwisha. Mwezi wa kwanza wengi hawakuuza hata seti moja. Muuzaji wa kawaida anauza seti nne kwa mwezi, yaani dola ishirini na nne, na nauli yake inatoka humo. Mmoja tu aliuza kumi na nne kwa mwezi, na hajarudia.
Seti ya kuonyesha wateja unaazimwa bure, utairudisha. Hatupokei pesa ya dosie.
Kama una kazi, usiiache kwa ajili ya hii.
Ulizia Mwadi, hapa depo.

"Nani atakuja na maneno kama haya?" Jenny aliuliza akimpa karatasi ikiwa bado na moto wa mashine.

Mwadi alikunja uso. Hilo ndilo swali alilokuwa akijiuliza tangu alipoamka.

Mwadi alizaliwa mtaa wa Panda, baba yake akiwa mfanyakazi wa kiwanda. Alisoma shule ya Mulungwishi mpaka kiwanda kilipokoma kulipa, naye akakoma kusoma. Aliuza mikate, aliuza mitumba. Halafu siku moja aliona karatasi imebandikwa ukutani: kampuni ya sabuni inatafuta mawakala, mshahara utaanza baada ya majaribio. Alitembea na sabuni kichwani mpaka viatu vikaisha soli. Majaribio hayakuisha. Kila alipouliza mshahara, aliambiwa uko njiani kutoka Lubumbashi, kana kwamba mshahara ni mgonjwa anayeletwa kwa miguu. Siku mwenye kampuni alipohama bila kuaga, Mwadi aliapa kwamba akipata siku ya kuandika tangazo yeye mwenyewe, hataandika neno asiloweza kulisimamia akiwa ameketi mbele ya aliyelisoma.

Siku hiyo ilifika alipopewa depo ya taa. Seti moja ni kibao cha jua, betri, taa tatu na waya wa kuchajia simu. Muuzaji mkubwa wa Lubumbashi, ambaye wote humwita patron, humletea seti bila kumlipisha kwanza. Yeye huziuza, hutuma pesa, na hubakiza fungu lake. Fungu hilo ndilo linalolisha watoto wake wawili na kumnunulia mama yake, Mama Albertine, dawa za presha.

Kuuza taa katika mji huu hakuhitaji maneno mengi. Maji ya mto Lufira yanaanguka kwenye maporomoko ya Mwadingusha, yanageuka umeme, na nyaya zinapita juu ya mapaa yetu kwenda viwandani. Tunaziona. Tunaweza kuzihesabu. Chini yake mtoto anasoma kwa mshumaa. Nchi inayotoa shaba ya nyaya za dunia inanunua mwanga wake kwa seti, mlango kwa mlango, na anayeibeba hana hata uhakika wa nauli. Mwadi hakupenda kusema hivyo. Yeye alisema tu kwamba taa zinahitajika na watu wa kuzitembeza hawapo.

Na hawakuwapo kweli. Wauzaji wake wa mwaka jana walikuwa wamebaki mmoja, Kalombo. Ndipo Mathieu, msimamizi wa depo zote za upande huu, alipompigia simu kutoka Lubumbashi.

"Mama Mwadi, patron anataka kila depo ikuwe na wauzaji tano mupya kufika siku ya posho. Weye uko na ngapi?"

"Mupya? Hakuna hata mumoja."

"Bon. Posho nitafika. Kama batano habako, ile depo yako tutaipeleka ku Kambove. Kule jamaa ameandikisha bantu makumi mbili."

"Aliandika nini ku tangazo?"

"Mushahara muzuri. Sasa angeandika nini?"

Kwa hiyo Mwadi alikuwa na juma moja mpaka posho, yaani Jumamosi, watu watano wa kupata, na karatasi yenye ukweli mtupu. Aliibandika mlangoni kwa gundi ya unga.

Msomaji wa kwanza alikuwa Papa Germain. Mzee huyu amestaafu kazi ya kiwandani, na kila asubuhi huleta kiti chake nje ya depo kwa sababu ukuta ule una kivuli kizuri. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Halafu akarudi juu akasoma tena.

"Mwadi, mwanangu. Hii haiko kazi."

"Ni kazi, papa. Haina tu mushahara."

"Sikia. Kazi ni vintu tatu. Namba ya ku kiwanda, mufuko ya bunga ya ugali, na mushahara. Minye nilikuwa na namba. Mpaka leo ukiniamsha usiku nitakuambia namba yangu. Hii karatasi, namba yake iko wapi?"

"Hakuna namba."

"Bunga?"

"Hakuna."

"Basi ni maombi. Peleka ku kanisa."

Watu wawili waliokuwa wakipita walicheka, wakasimama, wakasoma. Wakatazamana. Mmoja akatoa simu akapiga picha ya tangazo. Mwadi aliona, akafurahi, akadhani mambo yameanza vizuri.

Kesho yake alipofika kufungua, alikuta watu wamejaa mbele ya mlango mpaka barabarani.

Alisimama na funguo mkononi asijue la kufanya. Vijana waliovaa mashati ya Jumapili. Akina mama wenye bahasha. Wachimbaji kutoka Kambove wakiwa na udongo mwekundu kwenye kucha. Kila mtu ana dosie: cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, cheti cha tabia njema kilichopigwa muhuri. Mzee mmoja alileta barua ya pasta wake.

Papa Germain alikuwa amekwisha kuketi.

"Ulisema hakuna mushahara," alimwambia, "na bantu banakuya kama vile unagawa nguo. Umefanya nini?"

"Siyui, papa."

Mwadi alipanda juu ya kizingiti. Akawasomea tangazo kwa sauti. Alipofika pale pa mshahara, alirudia mara mbili. "Hakuna mushahara wa musingi. Munasikia? Hakuna. Mwezi ya kwanza unaweza kutembea na usipate kintu."

"Tumesikia, mama," watu waliitikia pamoja, kwa adabu, kama kanisani.

"Na hamuondoki?"

"Hatuondoki."

Kijana mmoja wa mbele, mrefu, mwenye kofia ya mchimbaji, alimkonyeza. Aliitwa Ricky, alikuwa ameacha kuchimba tangu shimo lao lilipojaa maji. "Mama, tunaelewa sana," alisema kwa sauti ya chini. "Weye sema tu vile walikuambia kusema. Sisi tutavumilia."

"Nani aliniambia kusema?"

Ricky alikonyeza tena.

Asubuhi yote Mwadi alipokea dosie asizoomba. Aliogopa kuzikataa mbele ya watu wale, akasema ataziangalia. Alipofungua ya kwanza, ndani kulikuwa na noti iliyokunjwa ndogo, imebanwa na kipande cha karatasi. Ya pili pia. Ya tatu pia. Alitoka nje na noti hizo mkononi.

"Tangazo linasema hatupokei pesa ya dosie. Hii ni nini?"

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisema taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni: "Mama, wenye kusema hawapokei, njo wanapokea sana."

Mwadi alirudisha kila noti kwa mwenyewe. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kupokea dosie, kwa sababu wengine walikataa kuzishika. Walidhani ni kidogo, kwamba anataka waongeze.

Mchana alikwenda kuketi karibu na Papa Germain. Kichwa kilimuuma.

"Papa, nieleze. Niliandika ukweli yote. Wanaamini nini?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Nimewasikia hapa kivulini. Wanasema hivi. Hakuna muntu mwenye akili anaandika hakuna mushahara. Kama ameandika, ni juu ya kufukuza bantu. Anataka nafasi zibakie kwa ndugu zake. Donc, mushahara uko, na ni mukubwa, ndiyo maana unafichwa. Mwenye kufukuzwa na karatasi ni mujinga."

"Na wale wa kanisa, kama yule wa barua ya pasta?"

"Bale banasema ni jaribu ya imani."

Mwadi alishika tama. Tumedanganywa katika mji huu kwa miaka mingi, na matangazo, na viongozi, na makampuni, mpaka tumejifunza kusoma kinyume. Aliyeandika "mshahara mzuri" tunajua hana. Basi aliyeandika "hakuna" lazima awe nao. Hesabu hiyo ina akili yake. Mwadi aliitazama pande zote, hakuona pa kuivunjia.

Alimwita Kalombo. Huyu ndiye aliyebaki kati ya wale kumi wa mwaka jana, mtu mfupi, mwenye baiskeli. Alimsimamisha mlangoni.

"Kalombo, waambie. Mwezi uliopita uliuza ngapi?"

"Tatu," Kalombo alisema.

"Ulipata ngapi?"

"Dola kumi na nane. Baiskeli ilipasuka tairi, nikatengeneza. Bibi yangu anauza samaki, njo tunakula."

Watu walimtazama kwa heshima kubwa. "Huyu anajua kutunza siri," mtu alisema nyuma. Wengine wakaitikia kwa miguno. Kalombo aligeuka akamwangalia Mwadi, amechanganyikiwa kuliko yeye.

Jioni Mathieu alipiga simu. Mwadi alimweleza kwamba dosie zimejaa mezani.

"Unaona? Na ulikuwa unalia. Chukua tano ya juu, tuma majina, tumemaliza."

"Hawajaelewa, Mathieu. Wanangoja mushahara."

"Kungoja, si watangoja? Weye unataka nini zaidi?"

Alikata simu. Mwadi alibaki ameketi mbele ya rundo lile. Majina matano tu, na depo ni yake. Hangehitaji kusema uongo wowote. Uongo wameuleta wao wenyewe, ndani ya bahasha, pamoja na noti. Aliwaza dawa za mama yake. Aliwaza pia viatu vyake vya zamani vilivyoisha soli, na yule mwenye sabuni aliyehama. Je, mtu akijidanganya mwenyewe mlangoni pako, wewe ukakaa kimya, nani amedanganya? Aliondoka, rundo zima likiwa halijaguswa.

Siku iliyofuata watu walikuwa wengi zaidi. Katikati yao alikuwa Elikia, anayeuza vocha za simu kwenye kona ya soko, na ambaye huimba kwaya moja na Mwadi na kumwita yaya, yaani dada. Hakuwa na dosie. Alisoma tangazo akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari, halafu akaja kwa Mwadi moja kwa moja.

"Yaya Mwadi, niko na swali. Muteja akilipa nusu, minye nimetembea kwake mara tatu juu ya ile nusu ingine, halafu akarudisha seti. Komisyo yangu inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Haipo."

"Na nauli yangu ya mara tatu?"

"Imekufa."

Elikia alifikiri. "Basi minye nitauzia wenye kulipa yote kwa mara moja tu. Wenye kulipwa mushahara ku kiwanda, siku ya mwisho wa mwezi."

Tangu Mwadi abandike karatasi ile, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumuuliza kitu kilichoandikwa juu yake. Wengine wote walikuwa wameuliza kitu kilichokuwa nyuma yake.

Alipanda tena kizingitini.

"Sasa sikieni. Sitafungua dosie ya muntu. Kila mumoja aniulize swali moja tu juu ya hii kazi. Njo mtihani."

Watu walipanga mstari haraka. Neno mtihani waliliamini mara moja.

"Mushahara utaanza mwezi gani?" aliuliza wa kwanza.

"Hakuna. Chukua dosie yako, papa, pole."

"Kuko nguo ya kazi?" aliuliza wa pili.

"Hakuna. Chukua."

"Baada ya wale wa komisyo, wale wa mushahara mutaita lini?"

"Shefu, mushahara ni ya franka ao ya dola?"

"Minye sina swali, mama. Niko tayari tu."

Aliwarudishia, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyerudishiwa alimtazama kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Mjane mmoja muuza makala, yaani mkaa, Mama Mbombo, alipofika alishika kiuno.

"Bateja bangu ba makala bananijua. Nikimwambia mumoja habari ya taa, akakuja hapa yeye mwenyewe bila minye, akanunua. Hiyo ni yangu ao ni yako?"

"Akitaja jina yako, ni yako."

"Na akisahau kutaja?"

"Ni hasara yako."

"Basi nitamupa alama. Atakuja na kipande ya makala mukononi." Watu walicheka. Mwadi alimwambia asimame upande wa Elikia.

Ricky alikuja kati ya wa mwisho. Hakukonyeza tena. Alikuwa amesimama kivulini karibu na Papa Germain tangu asubuhi, akisikiliza.

"Ule muuzaji mumoja aliuza kumi na nne. Juu ya nini hakurudia?"

"Ule mwezi transfo ya umeme iliungua. Kikula yote ilikuwa giza. Ilipotengenezwa, watu waliacha kununua."

"Kumbe haikuwa akili yake."

"Haikuwa."

Ricky alivua kofia, akajikuna. "Kwa hiyo ni kama shimo. Unachimba, hujui kama mawe iko."

"Ni kama shimo," Mwadi alisema, "ila haitakufunika."

Mstari ulipokwisha, walikuwa watatu. Elikia, Mama Mbombo, Ricky. Watatu tu, na posho ilikuwa imekaribia.

Wengine hawakuondoka kimya. Walikusanyika upande wa pili wa barabara na dosie zao. "Tulisema," mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisema kwa sauti ya kusikika. "Yule wa vocha ni mwenzake wa kwaya. Nafasi zilikuwa na wenyewe." Mtu mwingine akasema mchimbaji yule lazima ni shemeji. Mama Mbombo walishindwa kumtafutia undugu, wakasema ni uchawi.

Mwadi alisikia kila neno. Alikuwa amefanya jambo moja la haki kwa nguvu zake zote, na mbele ya macho yake lilikuwa limegeuka ushahidi kwamba yeye ni mwizi. Alitaka kuvuka barabara akaeleze. Papa Germain alimshika mkono.

"Ukienda kueleza, watajua ni kweli."

Siku ya posho Mathieu alifika na pikipiki ya kukodi, shati limejaa vumbi, uso umemshuka. Hakusalimu vizuri. Aliomba maji, akanywa, akaomba mengine.

"Ngapi?"

"Watatu. Wameshaanza. Elikia ameuza mbili ku nyumba za watu wa kiwanda, wamelipa zote. Mama Mbombo amepata muteja mumoja, alikuja na makala mukononi."

"Nilisema tano, Mama Mwadi."

"Najua."

"Nipe majina mbili ingine. Uko nayo. Ile rundo ilikuwa pale."

"Nimerudisha zote."

Mathieu alikaa chini. Mwadi alingoja asikie neno Kambove. Lilikuja, lakini si kama alivyolitegemea.

"Natoka Kambove sasa," Mathieu alisema. "Wale makumi mbili wamekaa mbele ya depo. Hawajauza hata moja. Wanasema kwanza mushahara. Seti za kuonyesha wamezishika, hawarudishi mpaka walipwe. Jamaa wa depo amejifungia ndani, ananiongelesha ku dirisha. Ananiuliza minye: mushahara iko wapi?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Ananiuliza minye."

Papa Germain aligeuza kiti chake kuelekea kwao. "Na weye, mwanangu, mushahara yako ya musingi ni ngapi?"

Ilikuwa swali la mzee tu, la kupitisha muda. Mathieu alipangusa shingo kwa kitambaa.

"Minye niko na prime. Kila muuzaji mupya anayeandikishwa, napata kitu kidogo."

"Nimeuliza mushahara."

"Walisema iko njiani."

"Tangu lini?"

Mwadi, ambaye kwa juma zima alikuwa amemwogopa mtu huyu, alimtazama miguu. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi, vimepakwa rangi vizuri juu, na pembeni soli ilikuwa imefunguka.

Mathieu aliinuka, akaenda mlangoni. Tangazo lilikuwa bado pale, pembe moja imebanduka. Alilisoma mara ya kwanza kwa haraka kama mtu anayekagua, mara ya pili polepole. Kisha akauliza bila kugeuka:

"Hapa umeandika mwezi ya kwanza wengi hawauzi hata moja. Uliwaambia vile, na hawa watatu walibakia?"

"Walibakia."

"Sielewi," Mathieu alisema.

"Hata minye," Mwadi alisema.

Mathieu alichukua simu, akatoka nje, akaongea na Lubumbashi kwa muda mrefu huku akizunguka pikipiki. Aliporudi alisema depo inabaki kwa Mwadi mpaka mwisho wa kiangazi, na itahesabiwa kwa seti zilizolipwa, si kwa majina. Ila watapunguza mali: nusu tu ya seti alizokuwa akiletewa, kwa sababu patron hana imani na depo yenye watu watatu. Mwadi alishukuru. Hakujua kama ameshinda au ameadhibiwa, na Mathieu naye hakuonekana kujua. Alipanda pikipiki, akaondoka. Hakusema anaelekea wapi.

Juma lililofuata Ricky alirudisha seti ya kuonyesha, imefungwa vizuri kwenye kitambaa. Alikuwa ameuza moja. Maji yalikuwa yamekauka shimoni, wenzake wamemwita.

"Hujakasirika, mama?"

"Karatasi ilisema nusu wanaacha."

"Ndiyo. Minye ni ile nusu," Ricky alisema, akacheka, akavaa kofia yake.

Mwadi alibandua tangazo. Ukweli wake ulikuwa umepitwa na wakati. Wauzaji walioanza sasa ni kumi na watatu, na walioacha kabla ya mwezi wa pili kwisha ni sita. Alilipeleka kwa Jenny likiwa na masahihisho ya kalamu. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta imeisha mafuta, na Jenny alikuwa ameketi mbele ya kompyuta iliyozimika na barua za watu zimemkalia mezani.

"Nibadilishie namba tu," Mwadi alisema. "Na pale pa mushahara, acha vile vile."

"Bado hakuna?"

"Bado hakuna."

Jenny alilitazama tangazo, akaitazama kompyuta, akatazama nje ambako watu watatu wenye bahasha walikuwa wakingoja umeme urudi.

"Mama Mwadi," alisema, "hawa wenye kuningojea hapa kila siku. Nikiwaonyesha taa, nimekaa tu ku kiti yangu, hakuna nauli. Hiyo nayo inahesabiwa?"

Mwadi alivuta kiti akaketi. Hakuwa amelifikiria hilo.